Parasetamoli Iliyozidi Kipimo: Kwa Nini Mgonjwa Asisubiri Macho Kuwa ya Manjano

Katika mitihani ya somo la sumu kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia, lipo swali linalojirudia kwa sura mbalimbali. Kijana amefikishwa hospitalini baada ya kupita muda wa saa 6 tangu ameze vidonge vingi vya parasetamoli kwa mkupuo. Ametapika mara moja, lakini anazungumza vizuri, macho yake ni meupe na vipimo vya ini havijaonesha hitilafu. Mtahiniwa huulizwa achague hatua inayofaa: A. kumruhusu arudi nyumbani, B. kumpa naloksoni, C. kumpa atropini, au D. kumpa asetilisisteini.

Jibu sahihi ni D. Naloksoni hutumika kwa aliyezidisha dawa za jamii ya mofini, na atropini hutumika kwa aliyepata sumu ya baadhi ya viuatilifu vya shambani. Lakini mtego wa swali hili umo katika jibu A, kwa sababu mgonjwa anaonekana mzima. Mtego huohuo unaweza kumnasa mwananchi yeyote nyumbani, na ndiyo maana inafaa kueleweka ni jambo gani linaloendelea ndani ya mwili wakati dalili bado zimelala.

Mtu anapomeza parasetamoli kwa kipimo sahihi, sehemu kubwa ya dawa hiyo hufungwa na ini na kutolewa kwa njia ya mkojo bila madhara. Sehemu ndogo tu hugeuzwa na vimeng'enya vya ini kuwa kemikali kali iitwayo kwa kifupi NAPQI. Kemikali hiyo nayo haidumu, kwa kuwa ini lina akiba ya kinga iitwayo glutathioni, ambayo huinasa na kuituliza mara inapotengenezwa.

Dawa inapozidi, njia za kawaida za kuifunga huelemewa. Kiasi kikubwa zaidi hugeuzwa kuwa NAPQI, na akiba ya glutathioni huanza kupungua. Ikishuka sana, NAPQI hukosa wa kuinasa na hujishikiza kwenye protini za seli za ini, na seli hizo huanza kufa. Kwa hiyo sumu si kidonge chenyewe bali ni kile ambacho ini limekitengeneza kutokana na kidonge hicho, na kazi hiyo huchukua muda. Mtu mwenye utapiamlo, au anayekunywa pombe nyingi kwa muda mrefu, huwa na akiba ndogo ya kinga hiyo, hivyo anaweza kudhurika mapema kuliko mwingine.

Madhara hayo hupitia hatua nne. Katika siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuwa na kichefuchefu, kutapika na uchovu, au asihisi chochote. Kati ya siku ya pili na ya tatu kichefuchefu kinaweza kutulia, na familia ikadhani kwamba hatari imepita. Kumbe maumivu yanaanza upande wa juu wa kulia wa tumbo, na vipimo vya damu vinaonesha kuwa ini linaumia. Siku ya tatu hadi ya nne ndipo uharibifu unapofikia kilele: macho huwa ya manjano, damu hushindwa kuganda, figo zinaweza kushindwa kufanya kazi, na mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu. Baada ya hapo, ini huanza kujijenga upya katika muda wa wiki moja hadi mbili, au mgonjwa hufariki dunia.

Asetilisisteini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hufanya kazi kwa kulipatia ini malighafi ya kutengeneza glutathioni mpya. Ikitolewa ndani ya muda wa saa 8 tangu dawa ilipomezwa, akiba hujazwa kabla haijakwisha, na uharibifu mkubwa wa ini huwa ni nadra. Kadiri muda unavyopita baada ya hapo, kinga hiyo hupungua. Hata hivyo, mgonjwa aliyechelewa hanyimwi tiba, kwa kuwa dawa hiyo bado inaweza kumsaidia hata ini likiwa limeshaanza kuumia.

Chukulia mfano wa mkazi wa Vihingo, wilayani Kisarawe, mwenye uzito wa kilo 60, aliyemeza vidonge vingi kwa mkupuo saa 2:00 usiku. Muda wa saa 8 kwake unakwisha saa 10:00 alfajiri. Familia ikiamua kusubiri kukuche ili ione kama atazidiwa, na kuondoka naye saa 2:00 asubuhi, muda wa saa 12 utakuwa umeshapita kabla hata safari haijaanza. Akiondolewa usiku uleule na kufikishwa katika Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani Tumbi iliyopo Kibaha, bado ana nafasi nzuri.

Hospitalini, kiasi cha dawa katika damu hupimwa kuanzia muda wa saa 4 tangu kumeza, yaani saa 6:00 usiku kwa mgonjwa huyu. Kipimo cha mapema zaidi kinaweza kupotosha. Majibu hulinganishwa na chati iliyochapishwa mwaka 1975 na watafiti Rumack na Matthew. Chati hiyo haifai kwa mtu aliyemeza dozi nyingi kwa siku kadhaa, wala kwa asiyejua saa aliyomeza. Pale ambapo kipimo hakipatikani, au majibu yatachelewa kupita muda wa saa 8, daktari huanza tiba kwa kuzingatia kiasi kilichomezwa.

Kwa utaratibu unaotumika sana wa dripu, mgonjwa huyo hupewa miligramu 9,000 za asetilisisteini katika saa ya kwanza, 3,000 katika saa 4 zinazofuata, na 6,000 katika saa 16 za mwisho. Jumla ni saa 21. Wapo wanaopata mwasho au vipele wakati wa dripu. Mara nyingi wahudumu huisimamisha kwa muda au kuipunguza kasi, kisha huendelea nayo.

Maziwa, mafuta au kujitapisha haviwezi kuchukua nafasi ya tiba hiyo, na vinaweza kumpotezea mgonjwa muda. Ndugu wanashauriwa kubeba pakiti za dawa zote zilizotumika, na kumweleza mhudumu bila kuficha saa ya kumeza na idadi ya vidonge, iwe mgonjwa alimeza kwa bahati mbaya au kwa kukusudia. Aliyekusudia ahudumiwe bila kukaripiwa, na asiachwe peke yake.

Kipimo huweza pia kuzidi bila mtu kujua. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, ukomo ni gramu 4 kwa saa 24, sawa na vidonge 8 vya miligramu 500. Mtu anayetumia parasetamoli kwa maumivu ya jino, kisha akanunua dawa ya mafua katika duka la dawa muhimu, anaweza kuwa anameza parasetamoli mara mbili kwa majina tofauti. Kabla ya kuchanganya dawa, ni vyema kusoma viambato kwenye pakiti au kumuuliza muuzaji. Aliyebaini kuwa amevuka ukomo aende kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo, hata kama hajisikii vibaya.