Mtoto Anaporudia-rudia Maneno

"Mama, mama, mama, nataka... nataka uji." Mtoto wa miaka miwili na nusu akianza kuongea hivi, wazazi wengi hushtuka, hasa ikiwa mwezi uliopita alizungumza bila shida. Kati ya miaka 2 na 5 mtoto hujifunza kuunganisha maneno kuwa sentensi, na mara nyingi mawazo hutangulia ulimi. Kurudia neno zima namna hiyo, bila kukaza uso, ni kawaida. Huja na kuondoka.

Kumwambia "pole pole" au "anza tena" hakusaidii, kwani huona kuongea ni mtihani. Anayepaswa kupunguza mwendo ni mzazi. Mtoto akishaomba uji, mzazi ahesabu moyoni moja, mbili, kisha ajibu taratibu: "Unataka uji. Haya, tuchukue kikombe." Asimmalizie sentensi wala asimrundikie maswali. Dakika 5 kila siku za kuzungumza naye peke yake, redio ikiwa imezimwa na ndugu zake hawamkatizi, zinatosha kuanzia.

Kigugumizi chenyewe husikika tofauti. Mtoto hurudia sauti moja, "m-m-m-mama", huivuta, au hukwama mdomo wazi huku akipepesa macho na kukaza shingo. Akiwa hivyo, au kurudia maneno kukizidi miezi 6, au kukiwa na kigugumizi katika ukoo, apelekwe kliniki ya mama na mtoto, na mzazi aombe rufaa kwa mtaalamu wa matamshi.