Safari ya Dola, Gharama za Shilingi: Namna ya Kulinda Faida ya Kampuni ya Utalii

Mwishoni mwa Januari 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Shilingi haikuwa imewahi kudhoofika kiasi hicho. Katikati ya Februari serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa, ili inunue sehemu kubwa ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva mwezi Juni. Hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa ikapungua, na shilingi ikapata nguvu kwa kasi. Kufikia mwanzoni mwa Aprili, dola ilikuwa karibu shilingi 130.

Wengi walishangilia. Lakini kampuni ya utalii iliyokuwa imempa mgeni bei ya dola mwezi Januari, kwa safari ya Aprili, ilikuwa na sababu ya kuhangaika. Dola zilezile zingefika, lakini mshahara wa dereva, kodi ya ofisi na matengenezo ya gari hulipwa kwa shilingi. Tufuate hesabu ya safari moja tuone hasara inapoingilia na jinsi ya kuizuia.

Chukua wageni wawili wanaokwenda Maasai Mara kwa siku tatu na kulala usiku mbili. Ada ya kuingia hifadhini kwa mgeni wa nje, kati ya Januari na Juni 2024, ilikuwa dola 100 kwa siku. Wageni wawili wakiingia siku mbili, hizo ni dola 400. Kambi nayo tuseme inatoza dola 150 kwa mtu kwa usiku, hivyo dola 600. Jumla ya gharama za dola ni 1,000. Upande wa shilingi kuna gari, mafuta, dereva, chakula cha njiani na fungu la gharama za ofisi. Tuseme zote ni shilingi 96,000, ambazo kwa kiwango cha 160 ni dola 600. Safari nzima basi inaigharimu kampuni dola 1,600.

Mwenye kampuni anataka faida iwe asilimia 20 ya bei. Hapa wengi huteleza: huongeza asilimia 20 juu ya gharama, wakapata 1,920. Faida hiyo ya dola 320 ni chini kidogo ya asilimia 17 ya bei. Njia sahihi ni kugawanya gharama kwa 0.8. Bei inakuwa dola 2,000 na faida dola 400, yaani shilingi 64,000.

Sasa dola ishuke hadi 130. Mgeni analipa 2,000 zake, dola 1,000 zinakwenda Mara na kambini, na 1,000 zilizobaki zinauzwa benki. Zinaleta shilingi 130,000. Ukitoa gharama za 96,000, faida ni shilingi 34,000. Dola imeshuka kwa chini kidogo ya asilimia 19, lakini faida ya shilingi imepungua kwa karibu nusu. Sababu ni kwamba gharama za shilingi hazikushuka pamoja na dola, kwa hiyo pigo lote likaangukia faida.

Hesabu hiyo inatupa namba inayofaa kuandikwa kwenye karatasi ya kila safari: kiwango cha chini ambacho bei inaweza kuvumilia. Tuseme mwenye kampuni hawezi kukubali faida iliyo chini ya asilimia 15, yaani dola 300. Katika bei ya 2,000, ondoa gharama za dola 1,000, kisha ondoa hizo 300. Zinabaki dola 700 za kulipia shilingi 96,000. Gawanya 96,000 kwa 700, upate 137 na kitu. Benki ikianza kununua dola kwa chini ya hapo, bei ile haifai tena kutolewa kwa mteja mpya. Kwa sababu hiyo kila bei inayotumwa iwe na tarehe ya mwisho, labda siku saba au kumi na nne. Bei isiyo na tarehe ni ahadi ambayo mteja anaweza kuidai hata miezi mitatu baadaye.

Mteja akishakubali, kinga bora iko kwenye malipo ya awali. Kampuni nyingi huomba asilimia 30 kwa mazoea tu. Katika safari yetu, asilimia 30 ni dola 600, na kwa kiwango cha 160 hizo ni shilingi 96,000, sawasawa na gharama zote za shilingi. Kampuni ikizibadilisha siku zinapoingia na kuziweka kando kwa ajili ya safari hiyo, sehemu ya shilingi imefungwa. Salio la 1,400 hubaki kwenye akaunti ya dola: 1,000 zinalipa ada na kambi moja kwa moja bila kupitia shilingi, na 400 ni faida. Hata dola ikishuka hadi 130, faida hiyo ni shilingi 52,000, si 34,000. Kwa hiyo malipo ya awali yapangwe kwa kuangalia gharama za shilingi za safari husika. Masharti nayo yaseme wazi ni kiasi gani hakirudishwi mteja akighairi, kwa kuwa fedha hizo zimeshabadilishwa.

Vipi mteja anayetaka kulipa kwa shilingi, kwa mfano kampuni ya Nairobi inayowalipia wageni wake? Kosa la kawaida ni kuzidisha 2,000 kwa 160 na kumwambia 320,000. Kwa mteja huyu kampuni italazimika kununua dola 1,000 za ada na kambi, na benki huuza dola kwa bei ya juu kuliko inavyozinunua. Tuseme inauza kwa 164. Gharama basi ni 164,000 na 96,000, jumla 260,000. Gawanya kwa 0.8: bei ni 325,000. Akilipa, dola za safari zinunuliwe mara moja. Tena bei hizo mbili zisiachwe pamoja kwenye tangazo miezi mingi, kwa sababu mteja atachagua ile ambayo soko limeifanya nafuu kwake, na tofauti itatoka kwako.

Njia hii ina mipaka. Mafuta hulipwa kwa shilingi lakini bei yake hufuata dola, nayo mamlaka ya nishati, EPRA, huitangaza upya kila mwezi, kwa hiyo fungu la mafuta lihitaji nyongeza kidogo. Wakala wa ng'ambo anayetaka bei ya mwaka mzima hawezi kupewa tarehe ya siku saba. Kwake tumia kiwango cha tahadhari: ukipanga kwa 145 badala ya 160, safari yetu inafika takriban dola 2,080. Au iombe benki ikuwekee leo kiwango cha dola utakazoziuza baadaye, huduma inayofaa zaidi wenye fedha nyingi.

Nyongeza ya dola 80 inaweza kukukosesha wakala mmoja. Ndiyo maana ipimwe kwa karatasi ya gharama: safari yenye gharama nyingi za shilingi inaihitaji zaidi, na ile ambayo karibu kila kitu hulipwa kwa dola inaweza kuuzwa karibu na kiwango cha siku.