Kwa Nini Sauti Ilionekana Kuchelewa

Mwanafunzi anapiga uma wa sauti wa hezi 512 juu ya bomba lenye maji, kisha anayashusha maji taratibu. Safu ya hewa inapofikia sentimita 15.8, sauti inavuma kwa nguvu. Akiuchukua urefu huo kuwa robo ya wimbi, anapata kasi ya mita 324 kwa sekunde, ilhali kitabu kinasema 343. Kwenye majadiliano ya ripoti anaandika "makosa ya kibinadamu". Hapo hajaeleza kitu.

Kwanza, 343 ni kasi katika hewa ya nyuzi 20. Maabara yenye nyuzi 28 inadai takriban 348, hivyo pengo halisi ni mita 24. Rula haiwezi kulibeba lawama hilo: kukosea milimita 2 kunabadilisha jibu kwa mita 4 tu.

Sababu iko mdomoni mwa bomba. Hewa iliyo nje kidogo nayo hutikisika, kwa hiyo robo ya wimbi huizidi safu ya hewa kwa takriban 0.6 ya nusu kipenyo. Kwa bomba lenye kipenyo cha sentimita 4, ziada hiyo ni sentimita 1.2.

Ushahidi ni mvumo wa pili, uliosikika kwenye sentimita 49.8. Tofauti ya vipimo hivyo viwili, sentimita 34.0, ni nusu ya wimbi, na ziada ya mdomoni imejifuta yenyewe. Kasi inatoka 348. Hesabu hiyo ndiyo inayostahili kuandikwa kwenye majadiliano.