Barua ya Kumuaga Mwenda Hija

Mwenda Makka huagwa kwa radhi na dua. Ukimwandikia barua, anza na radhi, maana ndiyo inayosahauliwa. Hija haifuti deni la mtu wala dhuluma aliyomfanyia mwenzake. Hayo humalizwa na wenyewe. Basi usiandike tu "tusameheane", taja jambo lenyewe. Mpwa anayemuaga shangazi yake anaweza kuandika hivi:

"Shangazi, shikamoo. Nakuomba radhi kwa maneno niliyokujibu siku ya kikao cha shamba. Zile shilingi elfu arobaini za cherehani nimezisamehe kabisa, usiende nazo moyoni. Namkabidhi Mungu dini yako, amana zako na mwisho wa amali zako. Akuruzuku uchamungu, akughufirie dhambi zako, akusahilishie kheri popote utakapokuwa, akutakabalie hija yako, akurudishe salama. Ukifika Arafa usitusahau: Mwanaidi anaumwa mgongo, Juma anatafuta kazi, na babu ni marehemu."

Neno "kabisa" lina kazi. Ukiandika "tutazungumza ukirudi", deni liko palepale. Kama huna uwezo wa kusamehe, sema mapema ili akulipe au amwachie mtu wa kukulipa. Hilo si ukatili.

Dua za katikati zina asili. Kumkabidhi Mungu dini, amana na mwisho wa amali za msafiri, na kumwombea masurufu ya uchamungu, ni mambo yaliyopokewa kutoka kwa Mtume alipokuwa akiwaaga wasafiri. Msafiri naye huwaacha wenyeji wake kwa Mungu, ambaye amana zake hazipotei. Hata kuagiza dua kuna mfano: imepokewa kwamba Umar alipoomba ruhusa ya kwenda umra, Mtume alimwambia asiwasahau katika dua yake.

Kuhusu Arafa, fikiria shangazi atakavyoisoma barua hiyo. Kisimamo ni tarehe 9 Mfunguo Tatu, kuanzia jua linapopinduka hadi linapotua, na watu wako katika joto na msongamano. Andika kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na kila jina lifuatwe na haja yake. Majina matatu ataombea kwa utulivu. Ukimpa arobaini, atasema "na wote walioniagiza", yakaishia hapo.

Oda za mswala, tende na kanzu zisiingie humo. Nimeona barua nzuri zikiharibiwa na mstari mmoja wa mwisho unaotaja saizi ya kanzu. Wala usimwandikie kana kwamba harudi. Wasia ni wake, ataandika mwenyewe.

Mpelekee nyumbani siku chache kabla ya safari, si uwanja wa ndege. Jambo la radhi linahitaji jibu, na huenda naye ana lake la kukuomba.