'Benki bado inashughulikia': Andika hivi ukichelewa na kodi

Ukiwa unafanya kazi za mtandaoni hapa Eldoret na mteja wako yuko ng'ambo, kuna meseji umewahi kuituma:

"Habari mama, samahani sana. Pesa ilitumwa lakini benki bado inashughulikia. Ikiingia tu nitakutumia. Si mimi, ni mambo ya benki."

Rafiki yangu mmoja, mchoraji wa nembo anayeishi Annex, alimtumia mwenye nyumba wake hiyo Jumatatu tarehe 6. Kodi ni 9,500, na ilifaa kulipwa tarehe 5. Mama akajibu: "Benki gani?"

Swali poa. Soma meseji tena. "Ilitumwa" na nani, lini? "Ikiingia tu" haimfungi mtu yeyote. Kila neno ni kweli, lakini mtu anayekwepa deni angeandika hivyo hivyo.

Shida ni kwamba jamaa mwenyewe hakujua pesa iko wapi. Kabla ya kuandika upya, ilibidi aitafute.

Mteja wake wa Ujerumani alituma dola 600 Alhamisi tarehe 2, jioni. Pesa za aina hii hazisafiri moja kwa moja. Mtandao wa SWIFT hubeba ujumbe tu baina ya benki, na dola kwa kawaida hupitia benki ya kati, mara nyingi New York, ambako benki yetu au mshirika wake ana akaunti. New York iko nyuma yetu kwa saa saba au nane, kutegemea msimu. Kwa hivyo kinachotumwa Ulaya Alhamisi jioni kinaweza kushughulikiwa Ijumaa, kisha wikendi inakifungia njiani.

Hiyo inaeleza siku nne. Lakini Jumanne bado hakukuwa na kitu, kwa hivyo akamwomba mteja nakala ya hati ya malipo, ile wengi bado wanaiita MT103. Skrinshoti ya "imetumwa" haitoshi. Kwenye hati unatafuta tarehe, jina lako (likitofautiana na lile la akaunti, pesa inaweza kukwama), na UETR, namba ndefu ya herufi, tarakimu na vistari, 36 kwa jumla, ambayo benki hutumia kufuatilia malipo. Jamaa akaipeleka UETR kwa benki yake hapa mjini. Jibu: pesa imefika kwetu, tunangoja invoisi ya kuonyesha ni ya kazi gani. Kumbe hata si New York! Aliwapa invoisi asubuhi hiyo, wakamwambia hadi siku mbili za kazi.

Sasa alikuwa na kitu cha kuandika:

"Habari ya mchana mama. Ni kuhusu kodi ya 9,500 ya mwezi huu. Mteja wangu wa Ujerumani alinilipa Alhamisi tarehe 2. Pesa imefika benki yangu hapa Eldoret, lakini wanataka invoisi kabla ya kuiweka kwa akaunti. Nimewapelekea leo asubuhi. Wamesema hadi siku mbili za kazi, yaani Alhamisi, ingawa siwezi kukuhakikishia siku yao. Leo nakutumia 3,000 kwa M-Pesa. Zinabaki 6,500. Alhamisi saa kumi na mbili jioni nitakupigia, iwe imeingia au haijaingia."

Angalia vile ahadi zimegawanywa. Siku ya benki ni ya benki, na ameiripoti hivyo. Alichoahidi ni vitu vilivyo mikononi mwake: 3,000 na simu. Ukiandika "kesho lazima" kisha kesho ipite, hata hati yako ya kweli itaonekana ya kuchonga. Samahani nayo imetoka yote, na sioni mahali imekosekana. Mama akiomba ushahidi, mtumie nakala lakini ufiche namba za akaunti, yako na ya mteja.

Usigawe dola 600 zote kwa watu unaowadai... pole, wanaokudai. Mteja alichagua SHA, yaani kila upande unabeba gharama zake, na benki za njiani zinaweza kukata kiasi. Alhamisi jioni pesa haikuwa imeingia, jamaa akapiga simu kama alivyosema. Ijumaa ziliingia dola 574.

Haya yote hufanya kazi tu kama pesa kweli ilitumwa. Siku mbili za kazi zikipita na mteja hawezi kukupa UETR, huenda hajatuma chochote. Hapo benki usiitaje kabisa. Andika: "Mama, mteja bado hajanilipa," halafu useme ni kiasi gani unaweza kutoa leo.