Jinsi taima ya chipu inavyoipata sekunde moja

Taima iliyomo ndani ya chipu ni kaunta inayohesabu mapigo ya saa ya chipu hiyo. Katika ATmega328P, chipu ya bodi ya Arduino Uno R3, mapigo huwa 16,000,000 kwa sekunde, hivyo kila pigo huchukua nanosekunde 62.5. Kaunta iitwayo Timer1 ina biti 16: huanza na 0, hufika 65,535, na pigo linalofuata huirudisha kwenye 0. Kurudi huko ndiko kufurika. Mapigo 65,536 huisha kwa milisekunde 4.096 tu, muda mfupi mno kwa anayetaka taa ibadilike kila sekunde.

Hapo huingia kigawanyi, sakiti inayokaa kati ya saa na kaunta na kupitisha pigo moja tu kati ya kila 8, 64, 256 au 1,024. Kigawanyi kikiwa N, saa ikiwa f na biti za kaunta zikiwa n, hesabu ni hii:

```
hatua = N / f
upeo  = 2^n * N / f
```

Hatua ni muda mdogo kabisa ambao taima inaweza kuutofautisha; upeo ni muda wa mzunguko mzima. Vyote viwili hukua pamoja, na anayerefusha upeo hulipa kwa hatua kubwa zaidi. Kwa hiyo ni vyema kuchagua kigawanyi kidogo kuliko vyote vinavyotosha.

Kwa sekunde moja, kigawanyi cha 64 hutoa hatua ya maikrosekunde 4, na hatua 250,000 zinahitajika. Hazienei katika biti 16. Kigawanyi cha 256 hutoa maikrosekunde 16 na upeo wa sekunde 1.048576; hatua 62,500 zinaenea, tena bila salio.

```
TCCR1A = 0;
TCCR1B = (1 << WGM12) | (1 << CS12);
OCR1A  = 62499;
```

Mistari hii huiamuru kaunta irudi kwenye 0 baada ya kufika 62,499 badala ya kungoja ifurike. Namba imepungua moja kwa sababu 0 nayo ni hatua. Akiandika 62500, mtu hupata kipindi cha sekunde 1.000016, na saa yake huchelewa karibu sekunde 1.4 kwa siku. Kosa hilo halionekani kwa kutazama taa.

Kosa la kigawanyi hujitokeza mara moja. Aliyebaki na 64 akaandika 249999 hupoteza biti za juu. Rejista hubaki na 53,391, na kipindi huwa milisekunde 213.568. Taa hubadilika karibu mara tano kwa sekunde. Ukiongeza 53,392 na 65,536 mara tatu, unapata 250,000 kamili: namba ilifurika mara tatu kabla ya kuandikwa.