Mzio wa Maziwa: Mbuzi Hamwokoi Mtoto Aliyekataliwa na Ng'ombe

Chukua mfano wa mtoto wa miezi 7. Ananyonya vizuri, na uji ameuanza mwezi uliopita. Asubuhi moja mama yake anautia uji huo maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa hadi yakafura. Mtoto anakula vijiko vitano. Kabla sufuria haijaoshwa, mabaka yaliyoinuka yanamtokea kidevuni na shingoni, kama aliyeguswa na upupu, kisha anatapika. Kufika jioni mabaka yamepotea, na mtoto anacheza kama kawaida.

Bibi yake ana jibu tayari: "Mwanangu, maziwa ya ng'ombe ni mazito kwa mtoto. Mtafutie ya mbuzi, hayo ndiyo yanayokaribiana na ya mama." Siku ya tatu mama anapata chupa ya maziwa ya mbuzi kwa jirani. Anayachemsha, anayapoza, anampa mtoto vijiko viwili. Safari hii hata robo saa haipiti: mdomo wa juu umevimba, mabaka yamerudi, mtoto analia na kujikuna.

Bibi hakuwa na nia mbaya, na ushauri wake hausikiki kwake peke yake. Shida ni kwamba unajibu swali jingine. Unazungumzia uzito wa maziwa, ilhali mtoto huyu anaumwa kwa sababu ya protini iliyomo.

Hapo inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa sana. Wapo watu wanaoumwa tumbo, kujaa gesi na kuharisha wakinywa maziwa kwa sababu utumbo wao haumeng'enyi vizuri laktosi, yaani sukari ya maziwa. Hilo ni tatizo la umeng'enyaji, na huwapata zaidi watu wazima na watoto waliokwisha kukua. Mzio ni kitu kingine. Katika mzio, kinga ya mwili inaikosea protini ya maziwa ikaiona adui, na kuishambulia. Sukari haileti mabaka wala haivimbishi midomo. Hata hivyo, anayekimbia laktosi naye hapati nafuu kubwa kwa mbuzi, kwa kuwa maziwa yake yana laktosi pungufu kidogo tu kuliko ya ng'ombe.

Tuirudie protini, maana ndiyo kiini cha habari yote. Maziwa yana makundi mawili makubwa ya protini. La kwanza ni kasini, ambayo kwa ng'ombe ni kama asilimia 80 ya protini yote. Hiyo ndiyo inayoganda maziwa yakigeuka mtindi. La pili hubaki katika maji yanayojitenga na mtindi, na humo mna protini iitwayo beta-laktoglobulini. Mtoto mwenye mzio anaweza kuwa na ugomvi na moja kati ya hizi, na mara nyingi anao na zaidi ya moja.

Protini imejengwa kama shanga zilizotungwa kwenye uzi mrefu. Kila ushanga ni asidi amino, na mpangilio wao ndio unaotofautisha protini moja na nyingine. Kinga ya mwili haiusomi uzi wote. Inashika vipande vifupi vya shanga chache chache, na ikikiona kipande inachokijua, inapiga kengele. Sasa ng'ombe na mbuzi ni wanyama wa ukoo mmoja, wote wacheuaji. Ukizilaza nyuzi za kasini zao sambamba, takriban shanga tisa katika kila kumi zinalingana. Beta-laktoglobulini nayo ni hivyo hivyo. Kinga ya mtoto iliyojifunza kupambana na maziwa ya ng'ombe haina namna ya kujua kwamba haya ya leo yametoka zizi jingine. Maziwa ya kondoo na ya nyati nayo yako katika mkumbo huo huo.

Haya hayakuachwa yawe nadharia ya vitabuni. Nchini Italia, madaktari waliwachukua watoto 26 wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, wakawapa maziwa ya mbuzi chini ya uangalizi, kwa utaratibu ambao mtoa maziwa na mnywaji wote hawakujua ni kipi kilichomo kikombeni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999: watoto 24 kati ya hao 26 walipata mzio. Wawili tu ndio waliovuka salama, na hakuna mama anayeweza kujua akiwa jikoni kwake kama wa kwake ni mmoja wa hao wawili.

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba mbuzi aliwasaidia? Mara nyingi wanasema walichokiona, ila sababu yake ni nyingine. Watoto wengi wachanga hulia sana jioni, hujikunja na kucheua katika miezi ya mwanzo bila kuwa na mzio wowote, na hali hiyo hutulia yenyewe wakikaribia miezi minne. Aliyebadili maziwa katika wiki hizo atampa mbuzi sifa ya kazi iliyofanywa na umri. Pia ni kweli kwamba matone ya mafuta katika maziwa ya mbuzi ni madogo zaidi, na kwamba mbuzi wengi wana kiasi kidogo cha aina moja ya kasini, hivyo maziwa yao hufanya mgando laini tumboni. Hapo ndipo sifa ya wepesi ilipozaliwa. Lakini aina nyingine za kasini zimo tele, na kinga haijali ulaini wa mgando.

Kuchemsha nako hakubadili mambo kiasi ambacho wengi wanadhani. Kuna sababu nzuri sana ya kuchemsha maziwa ya mbuzi: mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya bruselosi, ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo unaojulikana vizuri na wafugaji wa Afrika Mashariki. Moto huviua vijidudu hivyo. Beta-laktoglobulini nayo hulegea kwa moto, lakini kasini hustahimili mchemko. Vivyo hivyo, kugandisha maziwa yawe mtindi hupunguza laktosi na kuiacha kasini mahali pake.

Upo upande wa pili ambao hausemwi, nao unamhusu hata mtoto asiye na mzio. Maziwa ya mbuzi yana foleti kidogo mno. Foleti ni ile vitamini ambayo wajawazito hupewa kliniki pamoja na madini ya chuma, na mwili huihitaji kutengeneza damu. Lita moja ya maziwa ya mbuzi ina kama mikrogramu 10, wakati ya ng'ombe ina takriban 50. Mtoto mchanga anahitaji 65 kwa siku. Huko Ujerumani, karne iliyopita, watoto waliolelewa kwa maziwa ya mbuzi pekee walipata upungufu wa damu kwa wingi kiasi kwamba madaktari waliupa ugonjwa huo jina la mbuzi. Tena maziwa hayo yana protini karibu mara tatu ya maziwa ya mama, pamoja na chumvi nyingi, mzigo mkubwa kwa figo changa. Ukiyaongeza maji ili kupunguza mzigo huo, unapunguza pia nguvu anayoihitaji mtoto ili akue. Ya ng'ombe nayo hayafai kuwa chakula kikuu cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja, lakini mbuzi hazibi pengo hilo. Zipo kopo za maziwa ya watoto zilizotengenezwa kwa maziwa ya mbuzi na kuongezewa vitamini. Hizo hurekebisha upungufu wa foleti, ila protini ni ile ile, kwa hiyo hazimfai mwenye mzio.

Sasa turudi kwa mtoto wetu wa uji. Mzio wake ni wa aina ya haraka: hutokea ndani ya dakika chache, au saa mbili kwa kawaida. Aina hii ndiyo inayoweza kuhatarisha maisha. Mtoto akianza kupumua kwa shida, kifua kikatoa mluzi, akalegea au kupauka, ni hospitali papo hapo, ambako tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini pajani. Dawa ya mzio ya kunywa hutuliza mwasho wa ngozi, lakini haifungui koo lililovimba. Mtoto huyu hapaswi kujaribiwa tena nyumbani, si kwa ng'ombe wala kwa mbuzi.

Habari njema ni kwamba chakula chake kikuu hakijaguswa. Ananyonya bila tatizo, ingawa mama yake hunywa chai ya maziwa kila siku, kwa hiyo hakuna haja ya mama kuiacha. Kinachoondolewa ni maziwa katika uji wake, pamoja na mtindi, siagi, jibini na maandazi yaliyokandwa kwa maziwa. Badala yake uji huongezewa vyakula vingine kimoja kimoja, kwa siku tofauti ili kikimdhuru kijulikane: maharage yaliyopondwa, samaki, dagaa waliosagwa na mifupa yao, ambao humpa kalisi.

Mambo hubadilika kwa mzio wa aina ya polepole. Huyu anaweza kuwa mtoto wa miezi miwili anayenyonya tu, lakini choo chake kina utelezi na michirizi ya damu, au ana pumu ya ngozi isiyosikia dawa. Dalili huchukua saa kadhaa, hata siku mbili au tatu, kwa hiyo kuziunganisha na maziwa ni kazi. Kwake daktari anaweza kumwomba mama aache vyote vitokanavyo na maziwa, ya mbuzi yakiwemo, kwa wiki mbili hadi nne, huku akipata kalisi kwa njia nyingine. Hali ikitulia, mama huanza tena kunywa maziwa. Hatua hii ya kurudisha wengi huiruka, ilhali ndiyo inayothibitisha: dalili zikirudi, mzio upo, zisiporudi, mama amejinyima bure.

Asiyenyonya ndiye mwenye mtihani mgumu zaidi. Anahitaji maziwa maalumu ya kopo ambayo protini yake imekatwakatwa vipande vidogo sana, kana kwamba uzi umekatwa na shanga zimemwagika, hata kinga haina kipande cha kukishika. Watoto wapatao tisa kati ya kumi huyamudu. Wanaobaki hupewa yaliyotengenezwa kwa asidi amino zenyewe. Ni ya bei kubwa na hayapatikani kila duka la dawa, ndiyo maana kishawishi cha mbuzi wa jirani ni kikubwa. Baada ya miezi sita, daktari anaweza kushauri maziwa ya soya yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, ingawa mmoja katika kumi hivi huyakataa nayo.

Watoto wengi huuacha mzio huu kadiri wanavyokua, na walio wengi wameshaupita wakifika umri wa kuanza shule. Ndiyo maana hupimwa upya kila baada ya miezi kadhaa. Kwa mtoto wetu, kipimo hicho kitafanyika hospitali, kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu mbele ya wahudumu. Siku atakapokunywa kikombe kizima cha maziwa ya ng'ombe bila baka hata moja, bibi anaweza kumletea na ya mbuzi.